Hirizi ya marehemu dada yangu

Mwezi uliopita, baada ya sala ya alasiri, alinijia nyumbani mpwa wangu akiwa amembeba mwanawe aliyekuwa anakaribia kutimiza siku arubaini. Aliniamkia, akakaa mkekani, kisha akafungua fundo la leso yake akatoa kijifuko cheusi kisichozidi nusu ya kiberiti kwa ukubwa. Nilikitambua papo hapo. Ilikuwa ni hirizi aliyovishwa mamake, yaani marehemu dada yangu, alipokuwa mtoto mchanga.

"Mjomba," aliniambia, "nimeshindwa la kufanya. Mamavyaa ataka mtoto afungwe hii kabla hajatolewa nje. Mume wangu naye asema ni shirki, haitaingia nyumbani mwake. Wewe ulisoma chuoni. Hebu nifungulie unambie mna nini ndani."

Ombi lenyewe lilinitia uzito. Kwetu hirizi haifunguliwi. Tangu utotoni tuliambiwa kuwa ikifunguliwa hupunguka nguvu, na nilipokuja kuwa mtu mzima ndipo nilipofahamu kuwa hofu hiyo ina mizizi miwili. Mmoja ni adabu: ndani mna maneno ya Mwenyezi Mungu, na asiye na udhu hafai kuyapapasa. Wa pili hausemwi sana. Kitu kisichofunguliwa hakina wa kukikagua, na baadhi ya waandishi wa hirizi walipenda mambo yakae hivyo hivyo.

Mimi sikuwa mgeni wa kazi hiyo. Mwalimu wetu wa chuo alikuwa akiandika, nasi wanafunzi wakubwa ndio tuliokuwa tukishona. Alikuwa akitawadha, akielekea kibla, akiuliza jina la mtoto na jina la mamake, si la babake, kwa kuwa mama ndiye asiye na shaka. Alitumia karatasi nyeupe isiyo na mistari na kalamu ya mwanzi aliyoichonga mwenyewe. Wino ulikuwa wa namna mbili. Kwa kombe, ambalo huandikwa kwenye sahani nyeupe likaoshwa mgonjwa akanywa, alitumia zafarani iliyorowekwa katika marashi ya waridi, maana hilo lazima liyeyuke na lisimdhuru anywaye. Kwa hirizi alitumia wino mweusi wa masizi na gundi, kwa sababu zafarani hufifia, na hirizi hukusudiwa kukaa miaka.

Akimaliza aliipuliza ikauka, akaikunja mara tatu au nne, akatupa sisi. Adui wa hirizi ni jasho. Kwa hivyo karatasi ilipakwa nta ya nyuki pande zote, ikavingirishwa kitambaa, tena nta, halafu ndipo ikashonwa ndani ya kaniki au ngozi nyembamba kwa mshono wa kubana, bila kuacha tundu. Nta hiyo ilikuwa na kazi nyingine pia: kuyasitiri maneno, ili mvaaji aweze kuingia nayo msalani ikiwa ni mtoto ambaye haivuliki kila saa. Watu wazima waliambiwa waivue. Hirizi iliyoshonwa ovyo utaijua kwa harufu ya uvundo, na ukiifungua utakuta doa la wino tu, hata herufi moja haisomeki. Nimeziona nyingi za namna hiyo, na wenyewe bado wamezivaa kwa imani kamili.

Hapo ndipo penye swali lenyewe. Ikiwa maneno yamekwisha kufutika, mtu huyo amevaa nini?

Nilimwuliza mwalimu swali kama hilo nikiwa na umri wa miaka kumi na miwili, na si kwa udadisi. Ndugu yangu mdogo alikuwa amefariki kwa degedege akiwa na hirizi shingoni. Siku zile wazee walisema mtoto wa namna hiyo ameingiliwa na nyuni, ndege wa usiku. Leo twajua kuwa aghalabu ni homa kali ya malaria iliyopanda kichwani. Mwalimu mwenyewe alipoitwa kumsomea, alimgusa paji la uso akamwambia baba ampeleke hospitali, kisomo kitamfuata huko huko. Baba alingoja hadi asubuhi. Kulipokucha mtoto alikuwa amekwisha kata roho.

Mwalimu hakunikemea. Alinijibu kuwa hirizi haikingi kitu, anayekinga ni Mungu. Hirizi ni dua, ila ni dua iliyoandikwa badala ya kutamkwa, na dua haimlazimishi Mola. Mama naye alisema vivyo hivyo kwa maneno yake: ajali ikifika hakuna kizuizi. Kwa hivyo dada yangu alipozaliwa mwaka uliofuata, aliandikiwa naye, na mimi ndiye niliyeshona. Nilipokuwa mtoto jibu hilo lilinituliza. Sasa ninaliona kuwa ni la kweli, lakini lina hatari ndani yake, kwa kuwa mtu anayeamini hivyo haoni kuwa hirizi imeshindwa, na asipoona imeshindwa, aweza kungoja hadi asubuhi.

Basi nilitawadha, nikatwaa wembe, nikautatua mshono wangu mwenyewe.

Nta ilikuwa imekuwa ngumu kama kaukau, lakini karatasi ilikuwa nzima. Juu kulikuwa na Bismillahi, kisha Ayatul Kursiyyu yote, kisha Qul huwallahu na zile Qul audhu mbili, Falaqi na Nasi. Chini yake jina la dada na la mama. Nilimsomea mpwa wangu neno kwa neno, naye akawa anaitikia kwa midomo, maana yote hayo anayahifadhi. Halafu tukafika chini kabisa, nikanyamaza kidogo.

Palikuwa na jedwali ya vyumba tisa, kila chumba na tarakimu yake. Safu ya juu 4, 9, 2. Ya kati 3, 5, 7. Ya chini 8, 1, 6. Uzijumlishe kwa upana, kwa urefu au kwa mshazari, utapata 15. Wenye elimu hiyo huiita buduhu, kwa sababu pembeni mna 2, 4, 6 na 8, na kwa hesabu ya abjadi hizo ni be, dali, wau na he. Jedwali hii si ya juzi wala si ya wachawi wa mitaani. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliitaja katika kitabu chake cha kusimulia safari yake ya kutafuta yakini, kuwa watu waliitumia kumsaidia mwanamke mwenye uzazi mgumu: inaandikwa kwenye vitambaa viwili ambavyo havijaguswa na maji, mzazi anavitazama kisha anaviweka chini ya nyayo zake. Baada yake jina la Al-Buni ndilo lililoenea zaidi kwa elimu ya majedwali na herufi, na mpaka leo ukitaja Shamsul Maarif mbele ya masheikh wengine watastaghfiru.

Kando ya jedwali kulikuwa na mstari mmoja wa majina ambayo si ya Kiarabu, na wala mimi sijui ni ya nini.

Sasa mambo yakawa mawili katika karatasi moja. Mume wa mpwa wangu ana hoja. Imepokewa hadithi kwa Uqba bin Amir inayosema kuwa mwenye kutundika hirizi ameshiriki. Na Ibn Masud, sahaba mkubwa, alipomkuta mkewe Zainabu amejifunga uzi shingoni, aliukata. Zainabu akateta kuwa jicho lake lilikuwa likimwaga machozi, akaenda kusomewa na Myahudi mmoja, likatulia. Ibn Masud akamjibu kuwa shetani ndiye aliyekuwa akilichokoa jicho hilo kwa mkono wake, naye akiacha lisomwapo. Jibu hilo mimi hulistaajabia sana, kwa kuwa halikani kuwa jicho lilitulia. Linasema tu kwamba kutulia si ushahidi.

Lakini mamavyaa naye hakosi la kushika. Imepokewa pia kuwa Abdallah bin Amri, mwana wa Amri bin Aas, alikuwa na dua ya kujikinga na vitisho vya usingizini. Wanawe waliokwisha kuweza kusema aliwafunza waisome. Wale wachanga aliwaandikia akawatundikia. Katika mjadala huu wote hapo ndipo ninapopaona pana mwangaza kuliko pengine. Hirizi ya namna hiyo ni ya mdomo usioweza bado kusoma. Mtoto akikua, akahifadhi Falaqi na Nasi, hana haja nayo tena.

Wengi katika madhehebu yetu ya Shafii waliruhusu kwa kutazama hadithi hii ya pili. Na Ibn Hajar wa Asqalani, akizungumzia kisomo cha tiba, alitaja masharti matatu ambayo ulamaa wameafikiana: kiwe ni maneno ya Mungu au majina na sifa Zake, kiwe kwa Kiarabu au lugha nyingine inayofahamika maana, na mtu aitakidi kuwa kisomo hakifanyi kitu kwa nafsi yake ila kwa kudra ya Mungu. Ukiipima karatasi ya dada yangu kwa mizani hiyo, sehemu ya juu inapita. Mstari wa majina unaanguka kwenye sharti la pili, nami nilimpenda mwalimu wangu kama baba, lakini siwezi kumtetea hapo. Jedwali, watu wamevutana juu yake kwa karne nyingi, na mimi sitajitia katikati.

Nilimwambia mpwa wangu hivyo hivyo nilivyoona. Alitaka kujua kama mamake alitembea na shirki shingoni maisha yake yote. Nikamwambia mamake hakuijua herufi hata moja iliyokuwamo, na kila usiku nilimsikia akijisomea mwenyewe kabla ya kulala.

Karatasi hatukuichoma. Tuliirowesha katika bakuli la maji safi mpaka masizi yakajitenga, na maji tukayamwaga chini ya mwasumini uani, pasipokanyagwa. Jioni alikuja mumewe kumchukua. Tulikubaliana, yeye na mimi, kuwa mamake mtoto atamsomea Ayatul Kursiyyu na zile Qul tatu kila akimlaza, na kwamba mtoto akipata homa atapelekwa zahanati usiku huo huo, hata kama ni saa nane. Hili la pili nilimwapisha.

Mamavyaa hakuridhika. Juzi nilipokwenda kuwatazama nilisikia harufu ya mvuje kabla sijafika kitandani, nikaona kipande chake kimefungwa kwa uzi mweusi mkononi mwa mtoto. Mume aliniona ninatazama. Akaniambia kwa sauti ya chini kuwa mvuje ni mti tu, na kuwa mamake ana miaka sabini na minane.