Kwa nini nikeli hushika nne na kromiamu hushika sita

Mwaka 1890, jijini London, mkemia Ludwig Mond na wenzake Carl Langer na Friedrich Quincke walikuwa wakipitisha kaboni monoksidi juu ya unga laini wa nikeli uliopashwa moto. Kwa kuwa gesi hiyo ni sumu, ile iliyotoka mwisho wa bomba waliiwasha iteketee. Mwali wake kwa kawaida ni wa buluu, lakini chombo kilipokuwa kikipoa mwali ukabadilika rangi na kung'aa. Walipolipasha moto bomba la kioo ambamo gesi ilipita, utando wa nikeli safi ukajipaka ndani yake. Metali ilikuwa imesafiri pamoja na gesi.

Walichokipata ni kimiminika kisicho na rangi, kinachochemka kwenye nyuzi 43 za Selsiasi, chenye sumu kali kuliko hata kaboni monoksidi yenyewe. Fomula yake ni Ni(CO)4. Kiwanda cha kusafisha nikeli kwa njia hii kilifunguliwa Clydach, kusini mwa Wales, mwaka 1902: nikeli chafu hugeuzwa mvuke kwenye joto la nyuzi 50 hivi, uchafu ukabaki nyuma, kisha mvuke huo hupashwa moto zaidi ukaiachia nikeli safi.

Kwa wakemia wa siku hizo fomula hiyo ilikuwa kitendawili. Nikeli iliyozoeleka ilikuwa na valensi mbili, na kaboni monoksidi ni molekuli iliyojitosheleza, haidai kitu kwa mwenzake. Kwa nini basi nikeli ishike molekuli nne kamili, si tatu wala tano? Mwaka uliofuata chuma nacho kilipatikana kikiwa kimeshika tano, Fe(CO)5. Baadaye kromiamu ikaonekana kushika sita, Cr(CO)6. Nne, tano, sita: palikuwa na mpangilio, na ufunguo wake ni elektroni.

Tuzihesabu. Katika jedwali la elementi, kromiamu iko kundi la 6, chuma kundi la 8, nikeli kundi la 10. Namba ya kundi ndiyo idadi ya elektroni za nje ambazo atomu ya metali ya mpito inakuja nazo. Kila kaboni monoksidi huchangia jozi moja, yaani elektroni mbili, kutoka upande wa kaboni. Nikeli ina 10 na inapokea 8 kutoka kwa CO nne: jumla 18. Chuma kina 8 na kinapokea 10: 18. Kromiamu ina 6 na inapokea 12: 18 tena. Irving Langmuir aliliona jambo hili waziwazi mwaka 1921, na Nevil Sidgwick wa Oxford akaliendeleza katika miaka hiyohiyo.

Namba 18 inatokana na umbo la atomu yenyewe. Metali ya mpito ina obitali tisa za nje: tano za d, moja ya s na tatu za p. Kila obitali ni kama chumba cha wapangaji wawili tu, hivyo nafasi zote ni 18. Zikijaa, molekuli imefika pale gesi adimu zilipo, ambapo haina hamu ya kupokea wala ya kutoa.

Maelezo hayo ni ya kweli lakini hayatoshi, na mwanafunzi akiishia hapo atashindwa kujua kanuni inafanya kazi wapi. Tuitazame Cr(CO)6 kwa makini. Ligandi sita zinapoizunguka kromiamu, obitali sita za metali huungana na jozi zao na kujenga vifungo sita vilivyo imara. Hapo elektroni 12 zimepata mahali. Zinabaki obitali tatu za d ambazo hazikuielekea ligandi yoyote, na humo ndimo zinamokaa elektroni sita za kromiamu. Kama ligandi ingekuwa maji, obitali hizo tatu zisingekuwa na kazi kubwa. Zijae au zisijae, molekuli haijali sana. Ila kaboni monoksidi ina obitali tupu zinazoweza kupokea elektroni kutoka kwenye metali. Kwa hiyo elektroni zile sita nazo zinageuka kuwa gundi, na kuipoteza hata moja ni hasara. Obitali inayofuata juu yake, kwa upande mwingine, ni ile inayolegeza vifungo, na elektroni ya 19 ingelazimika kuingia humo. Chini ya 18 kuna hasara, juu ya 18 kuna hasara.

Ushahidi wa elektroni kurudi kwenye ligandi unapimika kwa miale ya infraredi. Kaboni monoksidi iliyo huru hutetema kwenye 2143 kwa sentimita. Ndani ya Cr(CO)6 mtetemo hushuka hadi karibu 2000, kwa sababu elektroni zilizotoka kwenye metali zinaingia mahali panapolegeza kifungo kati ya kaboni na oksijeni.

Sasa twende kwa metali zilizorukwa katika mfuatano wetu. Manganizi iko kundi la 7. Ikishika CO tano inafika 17, ikishika sita inafika 19. Kwa kuwa kila CO huleta elektroni mbili, metali yenye idadi isiyogawanyika kwa mbili haiwezi kufika 18 kwa kuongeza CO peke yake. Kanuni inatabiri kwamba Mn(CO)5 itatafuta elektroni moja mahali pengine, na njia ya karibu ni kuungana na pacha wake. Hivyo ndivyo ilivyo: manganizi hupatikana kama Mn2(CO)10, fuwele za manjano, ambamo atomu mbili za manganizi zimeshikana moja kwa moja na kila moja inahesabu elektroni ya mwenzake. Kobalti, ya kundi la 9, nayo hufanya hivyo na kuwa Co2(CO)8. Zipo njia nyingine za kuipata elektroni hiyo moja. Mn2(CO)10 ikipewa sodiamu, hugawanyika na kila nusu kuchukua elektroni, ikawa ioni ya Mn(CO)5 yenye chaji hasi moja. Ikipewa bromini, kila nusu huungana na atomu ya bromini ikawa Mn(CO)5Br. Hesabu katika zote mbili ni 18.

Vanadi ya kundi la 5 ndiyo inayotufundisha mpaka. V(CO)6 ina elektroni 17, na kwa mantiki ya manganizi ingepaswa kujiunga na pacha. Haifanyi hivyo. Kila atomu ya vanadi tayari imezungukwa na ligandi sita, na kuongeza jirani wa saba ni msongamano mkubwa mno. Lakini upungufu wake unaonekana katika tabia. Huipokea elektroni upesi ili iwe ioni hasi yenye 18, na hubadilisha ligandi zake kwa kasi kubwa mno ikilinganishwa na Cr(CO)6. Kanuni ilikosea kuhusu umbo, ikapatia kuhusu tabia, na kwangu mimi hilo la pili lina thamani zaidi.

Kinachoifanya hesabu hii ipendwe maabara ni kwamba inatangulia jaribio. Tuseme unachemsha Cr(CO)6 pamoja na benzini. Benzini ni pete inayoweza kuchangia elektroni sita kwa mkupuo. Ikikaa juu ya kromiamu, lazima CO ngapi ziondoke? Elektroni sita ni sawa na CO tatu. Basi tutarajie Cr(C6H6)(CO)3, na ndiyo inayopatikana, fuwele za manjano. Kwa butadaini, inayochangia elektroni nne, chuma kutoka Fe(CO)5 kitapoteza CO mbili na kubaki na tatu. Nalo hutokea hivyo.

Makosa ya wanafunzi mara nyingi hayako kwenye kanuni bali kwenye kuhesabu. Zipo njia mbili, na kila moja ni sahihi ikifuatwa hadi mwisho. Chukua ferosini, kiwanja cha rangi ya machungwa kilichoripotiwa mwaka 1951, ambamo atomu ya chuma imekaa katikati ya pete mbili zenye kaboni tano tano. Kwa njia ya kwanza, kila kipande huhesabiwa kikiwa hakina chaji: chuma 8, kila pete 5, jumla 18. Kwa njia ya pili, chuma huhesabiwa kama ioni yenye chaji chanya mbili, hivyo ina elektroni 6, na kila pete ina chaji hasi moja na elektroni 6. Jumla ni 18 vilevile. Anayechukua chuma 8 kutoka njia ya kwanza na pete 6 kutoka ya pili hupata 20, kisha hutangaza kwamba ferosini ni kinyume cha kanuni. Ukiona namba ya ajabu, kwanza kagua kama hukuchanganya njia.

Ugeuzaji wa atomu ya katikati unaonyesha uzito wa elektroni moja. Ferosini hukaa hewani bila kuharibika na huyeyuka kwenye nyuzi 173. Weka kobalti mahali pa chuma, elektroni ziwe 19, na kiwanja kinachopatikana huoksidika upesi hewani, kwa maana kinaitoa ile elektroni iliyozidi na kuwa ioni chanya yenye 18, ambayo ni imara sana.

Mahali kanuni isipofaa panatabirika pia. Nikeli iliyozungukwa na maji sita ina elektroni 20 na hukaa salama katika myeyusho wa kijani, kwani maji hayapokei elektroni za metali na vifungo vyake si vya nguvu kiasi cha kuzisukuma juu obitali zile zinazolegeza. Upande wa kulia wa jedwali, rodiamu na platini katika umbo la mraba bapa huridhika na 16, maana obitali moja ya p inabaki juu mno na tupu.

Utupu huo ndio unaotengeneza asidi asetiki viwandani. Kichocheo ni ioni ya rodiamu yenye CO mbili na iodini mbili, elektroni 16. Iodidi ya methili inapoigusa, methili na iodini huingia zote mbili kwenye rodiamu, hesabu ikapanda hadi 18. Kisha methili inahamia kwenye CO iliyo jirani na kuunda asetili, hesabu ikashuka hadi 16 na nafasi ikafunguka. CO mpya inaijaza, 18. Mwishowe asetili na iodini hutoka pamoja, rodiamu inarudi kwenye 16, na maji hugeuza kilichotoka kuwa asidi asetiki. Ukiandika mzunguko kama huo na hatua mojawapo ikakupa 20, hatua hiyo inafaa kuchunguzwa kabla ya nyingine zote.