Shajara ya Usingizi wa Mtoto kwa Siku Saba

Mzazi ambaye mtoto wake anasumbua usiku anashauriwa kuandika shajara ya usingizi kwa siku saba mfululizo. Daftari la kawaida linatosha. Kila siku ipewe ukurasa wake, na mtoto anapolala au kuamka, saa iandikwe papo hapo, kwani anayesubiri asubuhi hukumbuka vibaya. Muda wa kunyonya na kula uandikwe pia.

Wiki ikiisha, jumlisha saa za usingizi wa usiku na mchana. Shirika la Afya Duniani linapendekeza saa 12 hadi 16 kwa siku kwa mtoto wa miezi 4 hadi 11. Kisha linganisha siku nzuri na mbaya, ukitafuta jambo linalojirudia.

Tuchukue mfano wa mtoto wa miezi minane anayelala jumla ya saa 13. Siku nne alilala mchana hadi saa 12 jioni, na usiku hakusinzia hadi saa 5. Siku tatu aliamka saa 9 alasiri, akalala saa 2 usiku. Hapa usingizi unatosha. Kinachomchelewesha ni kulala jioni. Mzazi amlaze mapema zaidi mchana, kisha arudie shajara kuthibitisha.

Mtoto wa chini ya miezi mitatu bado hana ratiba thabiti. Aidha, mtoto mwenye homa, asiyenyonya au asiyeamka kwa urahisi apelekwe kituo cha afya mara moja, bila kusubiri wiki iishe.