Kitabu Kando ya Poti

Mtoto wa miaka 2 hangoji zawadi ya jioni. Kwake jioni ni mbali mno. Stika ya nyota apewe palepale, kabla hajavaa suruali, aibandike mwenyewe ukutani. Siku za mwanzo mpe kwa kukaa tu, maana kukaa anaweza, ila mkojo bado haujamtii. Kitabu cha picha kikae kando ya poti, kifunguliwe hapo tu, dakika 3 hadi 5 baada ya chai ya asubuhi, wakati chakula kinaamsha utumbo.

Binti yangu aligundua ujanja: matone mawili, stika, anarudi, matone mawili tena. Nikaihamishia stika mwisho, baada ya kunawa mikono. Akianza kubana choo, sitisha zawadi na poti kwa wiki kadhaa.