Kidonge cha Jumapili, Ndoto ya Alhamisi

Tuseme mama mmoja anayeishi Minneapolis anajiandaa kwenda Kigoma kuwaona wazazi wake. Amekaa ughaibuni miaka 12, na kinga ya malaria aliyokulia nayo imeshapungua sana. Daktari anamwandikia meflokwini, dawa iliyojulikana kwa miaka mingi kwa jina la Lariam. Ni kidonge kimoja cha miligramu 250 kila wiki, kuanzia wiki tatu kabla ya safari hadi wiki nne baada ya kurudi. Anameza cha kwanza Jumapili. Alhamisi usiku anamwota marehemu bibi yake ameketi pembeni ya kitanda, waziwazi kiasi cha kuona uzi uliofumuka kwenye pindo la kanga. Anazinduka moyo ukimwenda mbio, na kwa dakika kadhaa hajui kama ameamka kweli.

Ni rahisi kudhani kwamba ni mawazo ya safari. Kidonge alikimeza siku nne zilizopita, nani angekikumbuka? Lakini dawa hii hukaa mwilini muda mrefu ajabu. Parasetamoli hupungua kwa nusu ndani ya saa mbili au tatu. Meflokwini huchukua kama wiki tatu, kwa wengine mbili, kwa wengine nne. Kwa hiyo mama yetu anapomeza kidonge cha pili, cha kwanza bado kimebakiza karibu miligramu 200, na mwilini sasa mna kama 450. Kwa cha tatu hufika 600. Akiendelea kwa miezi kadhaa, atakuwa anatembea na takriban miligramu 1,200, kama vile amemeza vidonge vitano kwa mpigo. Sifa hiyo ndiyo iliyowavutia watafiti wa jeshi la Marekani katika taasisi ya Walter Reed walioitengeneza dawa hii katika miaka ya 1970. Askari aliye porini alihitaji kidonge kimoja tu kwa wiki.

Kwa bahati mbaya, meflokwini hupenda mafuta, na ubongo una mafuta mengi. Hupenya na kujikusanya humo. Ukuta unaoukinga ubongo una protini inayofanya kazi ya bawabu, kurudisha nje vitu visivyotakiwa, na bawabu huyo hafanani kwa watu wote. Watafiti wa Uholanzi waliona kwamba baadhi ya wanawake wenye tofauti fulani katika jeni la protini hiyo walisumbuliwa zaidi na dawa hii. Hicho ni kipande kimoja cha jibu la kwa nini wawili husafiri pamoja, mmoja akalala fofofo na mwingine akaogopa kufumba macho.

Ndani ya ubongo kuna seli ambazo kazi yake ni kuwatuliza majirani zao. Nyingi huunganishwa na vijia vidogo mno vya kupitisha umeme, ili zifanye kazi kwa mdundo mmoja. Majaribio ya maabara yameonyesha kwamba meflokwini huziba vijia hivyo, na pia huvuruga kalsiamu ndani ya seli za neva. Breki zikilegea, ndoto huwa kali na hofu huja bila sababu. Hayo ni mojawapo ya maelezo yanayotolewa, nami naona yanaendana vizuri na wanayosimulia wagonjwa.

Kizunguzungu kisichoisha kinatisha zaidi. Mwaka 2006 utafiti wa panya ulionyesha seli zilizoharibika katika shina la ubongo, sehemu inayopokea habari za miguu na mizani ya mwili. Seli ya neva ikifa, kuondoka kwa dawa hakuirudishi. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo lake kali kabisa liwekwe kwenye maelezo ya dawa hii, kwamba kizunguzungu, kuyumba na mlio masikioni vinaweza kubaki daima. Anayeyumba akisimama miguu pamoja na macho amefumba, au anayepapasa ukuta gizani, amweleze daktari, asingoje.

Tumrudie mama yetu. Baada ya kidonge cha pili anajikuta jikoni akitetemeka kwa wasiwasi, na ngazi anaziona zikiinama. Hizo ndizo dalili za kuacha, kwa maana haijulikani mapema ni nani zitamzidia. Kwa sababu hiyo pia dawa huanzwa wiki tatu kabla: wengi wa watakaodhurika hujulikana kufikia kidonge cha tatu, wakiwa bado karibu na daktari wao. Mwenye historia ya sonona, hofu kubwa, ugonjwa mwingine wa akili au kifafa hapaswi kupewa kabisa kama kinga.

Hamezi cha tatu. Lakini kwenda Kigoma bila kinga ni hatari nyingine, kwa hiyo daktari anambadilishia atovakwoni na proguanili, kidonge cha kila siku kinachoanza siku moja au mbili kabla ya kufika na kuendelea siku saba baada ya kuondoka. Siku anapopanda ndege, hesabu inaonyesha bado ana takriban miligramu 280 za meflokwini mwilini, zaidi ya kidonge kizima. Ndiyo maana amemwambia dada yake, watakayelala naye chumba kimoja, kwamba akimsikia akipiga kelele usiku amwamshe polepole na kuwasha taa.