Kibarua wa nne shambani Garissa

Chukua shamba la nyanya kando ya Mto Tana, Garissa, lenye mkokoteni mmoja wa punda. Vibarua ndio wanaoongezeka. Tuseme mmoja hutoa kreti 4 kwa siku, wawili 10 (huyu achuma, yule apakia), watatu 15, wanne 18, watano 18, sita 17.

Wastani wa wawili ni 5, wa watatu pia 5. Wa tatu ameongeza 5, sawasawa na wastani. Kuanzia wa nne, aliyeongeza 3, wastani washuka. Wa tano haongezi kitu, wa sita akanyaga miche.

Basi usiajiri chini ya watatu, wala usifike wa sita. Kreti ikikuachia shilingi 300, wa nne aleta 900. Ujira ukiwa 700, mchukue. Ukiwa 1,000, baki na watatu.