Bei ya Nyumba ni Milioni Tano. Je, Utalipa Ngapi?

Umeipata nyumba Ruiru, Kaunti ya Kiambu. Muuzaji anataka milioni 5, benki imekubali kukukopesha sehemu kubwa, na akiba yako inatosha kuziba pengo. Lakini hesabu hiyo bado haijakamilika. Kuna pesa nyingine zitakazodaiwa kabla hati haijaandikwa jina lako, na kwa kawaida mkopo wa nyumba hauzigharamii. Zitatoka mfukoni mwako.

Kubwa kuliko zote ni ushuru wa stempu, unaolipwa serikali ili umiliki uhamie kwako. Nchini Kenya, ushuru huu ni asilimia 4 ya thamani kwa mali iliyo mjini na asilimia 2 kwa iliyo mashambani. Ruiru ni manispaa, kwa hiyo wewe utahesabiwa asilimia 4. Ukichukua milioni 5 unapata shilingi 200,000, na wanunuzi wengi huishia hapo.

Tatizo ni kwamba serikali haifungwi na bei mliyoafikiana. Fomu ya uhamisho ikifika, mthamini wa serikali hukadiria mali mwenyewe, kisha ushuru hutozwa kwa kiasi kilicho kikubwa kati ya bei yenu na makadirio yake. Tuseme yeye ameiona nyumba ni ya milioni 5.5. Utalipa 220,000. Hizo 20,000 za ziada hutazijua hadi makadirio yatoke, na wakati huo umeshatia sahihi na kulipa asilimia 10 ya bei kama malipo ya kwanza, kama ilivyo desturi. Ni heri utenge akiba kidogo mapema.

Hapa ndipo dalali au hata muuzaji hukunong'onezea: "Tuandike milioni 3 kwenye mkataba, ushuru upungue." Huo ni udanganyifu wa kodi, na hauna faida vilevile, kwa sababu mthamini ataiona nyumba yenyewe. Mbaya zaidi, mauzo yakivunjika, mkataba utakuwa ushahidi kwamba nyumba ilikuwa ya milioni 3, na zile 2 ulizotoa pembeni utazidai kwa karatasi gani? Siku utakapoiuza, nayo kodi ya faida ya mtaji, ambayo tangu Januari 2023 ni asilimia 15, itahesabiwa kuanzia bei ndogo uliyoandika. Faida itaonekana kubwa kuliko ilivyo, na anayetozwa ni wewe.

Gharama ya pili ni wakili. Kila upande humlipa wa kwake, na ada yake hufuata viwango vilivyowekwa kisheria. Kwa nyumba ya milioni 5 ni asilimia 2, yaani 100,000. Juu yake huongezwa VAT ya asilimia 16, ndiyo ukapata 116,000. Ukiambiwa ada, uliza kama VAT imo ndani. Na ikiwa unakopa, benki nayo itakuwa na wakili wake wa kuandaa dhamana, na anayemlipa huwa ni mkopaji. Omba makadirio hayo kwa maandishi kutoka benki.

Kamisheni ya dalali kwa kawaida hulipwa na muuzaji, maana ndiye aliyempa kazi ya kutafuta mnunuzi. Dalali akikudai nawe, muulize anakufanyia kazi gani, na je, amesajiliwa na bodi ya mawakala wa mali? Kodi ya faida ya mtaji na madeni ya kodi ya ardhi kwa kaunti pia ni mzigo wa muuzaji. Lakini mkataba unaweza kuyahamisha yote. Ukikuta kifungu kinachosema gharama zote za uhamisho ni za mnunuzi, mwambie wakili wako akibadilishe kabla hujatia sahihi.

Tuchukue kwamba hukopi. Ushuru 220,000, wakili 116,000, na tukiweka 10,000 kwa upekuzi wa hati, usajili na ada ndogondogo, jumla ni 346,000. Hiyo ni karibu asilimia 7 ya bei.

Kuna nafuu moja inayowahusu wanunuzi wa mara ya kwanza tu: sheria iliyorekebishwa mwaka 2018 inawasamehe ushuru wa stempu wanaponunua nyumba chini ya mpango wa serikali wa nyumba za bei nafuu. Nyumba ya kawaida ya Ruiru haimo.

Ukishamwona wakili, mtake akuandikie tarakimu tatu kabla ya malipo ya kwanza: ushuru kwa bei ya mkataba, ushuru iwapo mthamini ataongeza asilimia 10, na ada yake pamoja na VAT. Kama akiba yako haifikii jumla ya juu kabisa, punguza bei unayotafuta. Ni rahisi kufanya hivyo leo kuliko baada ya mkataba, kwani asilimia 10 uliyokwisha kulipa unaweza kuipoteza ukishindwa kumaliza ununuzi.