Hesabu safu kabla ya kuzidisha

Swali limechapishwa kama picha: matriki A ina safu mlalo 2 na safu wima 3, B ina mlalo 3 na wima 2. Tafuta AB. Usizidishe kwanza. Zile 3 za katikati zinalingana, kwa hiyo jibu lazima liwe 2 × 2; chaguo la 3 × 3 ni BA, lifute.

Yamebaki mawili, yote yakianza na 5 kwenye kona, ila namba 1 na 4 zimebadilishana nafasi. Kona haisaidii, basi kagua pale yanapotofautiana. Mlalo wa kwanza wa A ni 1, 0, 2. Wima ya pili ya B ni 1, 1, 0. Jumla: 1 + 0 + 0 = 1. Chaguo lenye 4 hapo limeanguka.

Matriki zote zikiwa 2 × 2, ukubwa haufuti kitu.